Kuuliza wazi au kutaja dhana: dakika saba za mwanzo za raundi ya usanifu wa mifumo

Katika usaili wa kazi za programu huwa kuna raundi ya kusanifu mfumo ubaoni, na swali lake huja kwa sentensi moja: "Tusanifie mfumo wa kuuza tiketi za boti kati ya Mokowe na Lamu." Kisha mhoji hunyamaza. Raundi nzima ni dakika 45, pengine 60. Toa chache za salamu, toa tano za mwisho ambazo ni zako kumuuliza yeye, na unabaki na dakika kama 37 za kazi yenyewe. Katika hizo, tano hadi saba za mwanzo ndizo za kujua mfumo unatakiwa kufanya nini, kwa ukubwa gani, na yapi hayatakiwi kabisa. Sentensi ya pili huletewi mpaka uiombe. Swali limeachwa wazi kwa makusudi, ili ionekane utaliziba vipi.

Namna za kuliziba ni mbili. Ya kwanza ni kuuliza wazi: unamuuliza mhoji, unasubiri jibu, unaliandika, unauliza jingine. Ya pili ni kutaja dhana: unasema wewe mwenyewe jinsi unavyodhani mambo yalivyo, unamwomba akusahihishe, unaendelea. Mafunzo mengi ya maandalizi yanakuambia "uliza maswali" kana kwamba hizo mbili ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Zinakula muda tofauti, zinaleta majibu tofauti, na zinakuangusha mahali tofauti.

Hapa Lamu tuna kikundi cha vijana wanaotafuta kazi za programu kwa kampuni za Nairobi na za ng'ambo, na baada ya alasiri huwa tunafanyishana mazoezi. Mimi hukaa upande wa mhoji. Swali la boti nalipenda kuliko mengine kwa sababu kila aliyekaa mbele yangu amepanda boti ya Mokowe tangu utotoni, na huo ndio mtego wake: mtu akilijua jambo hudhani halina cha kuulizwa.

Kuuliza wazi kunavyokwenda

Kijana mmoja wa Langoni alianza hivi. Alikuwa na orodha kichwani na alikuwa anaipitia kutoka juu kwenda chini.

— Watumiaji ni wangapi, kaka?
— Wewe unaonaje?
— Sijui. Wengi. Na mfumo uwe na kasi gani?
— Kasi ya kuridhisha.
— Data iwe sawa kila mahali papo hapo, au ikichelewa kidogo si neno?
— Inategemea na data gani.
— Abiria wajisajili kwanza?
— Ukipenda.

Dakika nne zimekwisha, na ukitazama ubao hakuna kilichoandikwa kinachoweza kumsaidia kuchora hata kisanduku kimoja. Wengi wangesema mhoji ndiye mkorofi. Hapana. Kila swali alilouliza lilikuwa linamwomba mhoji afanye kazi ya mhojiwa. Idadi ya watumiaji mtu anaweza kuikadiria mwenyewe, na mhoji anataka kuona ukiikadiria. Kasi ya kutosha kwa mtu anayesubiri tiketi gatini mtu anaweza kuipendekeza. Usawa wa data hauwezi kujibiwa kwa jumla, kwa sababu katika mfumo huohuo kuna data inayovumilia kuchelewa, kama bei iliyobandikwa, na data isiyovumilia hata kidogo, kama kiti cha mwisho.

Sasa tazama kuuliza wazi kwa namna nyingine. Binti wa Shela aliyefuata hakuwa na orodha. Aliuliza hivi tu:

— Nieleze, kaka, abiria akishafika gatini Mokowe na akalipa, kinachofuata ni nini mpaka anashuka Lamu?

Hilo ni swali ambalo siwezi kulirudisha kwake. Mimi ndiye mwenye biashara katika mchezo huu, na mwenye biashara pekee ndiye anayejua anachokitaka. Nikamwambia: boti za Mokowe hazina saa, zinaondoka zikijaa. Abiria anapanda iliyo mbele. Hachagui kiti, hachagui boti.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza la pili: "Na tunauza tiketi za Mokowe peke yake, au pia za boti za kwenda Faza na Kizingitini?" Nikasema zote.

Maswali mawili, dakika moja na nusu, na tayari ameujua moyo wa mfumo wote. Hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kuuliza wazi kunapolipa kuliko njia yoyote.

Safari ya Mokowe, kama nilivyomweleza, haina kiti wala saa. Tiketi yake ni haki ya kuvuka mara moja. Mfumo unachohitaji kujua ni kwamba imelipiwa na haijatumika. Watu elfu wakinunua kwa wakati mmoja hawagombanii kitu, kwa sababu kila mmoja ananunua haki yake na haki haziishi. Hakuna mbio za kiti cha mwisho, hakuna kufunga safu katika hifadhidata, hakuna kuhesabu nafasi.

Safari ya Faza ni jambo jingine kabisa. Boti ni chache, nafasi zina kikomo, na nahodha hutazama maji kabla ya kutazama saa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa yake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo saa ya kuondoka haiwezi kuwa ratiba iliyoandikwa mara moja ikaachwa. Ni kitu kinachopangwa upya kila siku, na pengine kubadilishwa asubuhi yenyewe. Tiketi hapa inamfunga abiria kwenye safari maalumu. Wawili wakibonyeza kununua nafasi ya mwisho kwa pamoja, mmoja lazima akose, na lazima ajue amekosa kabla pesa yake haijaondoka.

Hiyo ni mifumo miwili ndani ya sentensi moja ya mhoji. Asiyeuliza huchora mmoja, na karibu kila mara huchora ule wa viti, kwa sababu ndio aliouzoea kwenye mifano ya sinema na ndege. Kijana wa Langoni alichora ramani ya viti kwa boti za Mokowe. Yeye aliyezipanda maisha yake yote.

Kutaja dhana kunavyokwenda

Binti wa Shela alipofika kwenye ukubwa wa mfumo alibadilisha mwendo. Hakuniuliza abiria ni wangapi. Alisema:

"Nitachukulia abiria 5,000 kwa siku kwa safari zote. Nusu yao wavuke ndani ya saa mbili za asubuhi. Hao ni 2,500 ndani ya sekunde 7,200, yaani tiketi moja kila sekunde tatu hivi. Siku za Maulidi nizidishe mara kumi: tiketi tatu na nusu kwa sekunde. Wanaotazama safari bila kununua wawe mara ishirini ya wanaonunua, hiyo ni maombi sabini ya kusoma kwa sekunde. Hifadhidata moja inabeba yote hayo bila jasho, pamoja na nakala moja pembeni kwa ajili ya dharura. Kuna unachokijua kinachoivunja hesabu hii?"

Nikasema hakuna. Sekunde arubaini. Zile 5,000 hazikutoka kwenye daftari la mtu yeyote, ni dhana yake, na haina haja ya kuwa sahihi. Kinachotakiwa ni ukubwa wa namba. Iwe 2,000 au 20,000, jibu halibadiliki: hifadhidata moja. Ingekuwa milioni ishirini ndipo mchoro ungebadilika. Hiyo ndiyo sababu namba ni mali ya dhana, si ya swali. Mhoji akikupa 7,350 badala ya 5,000, umepata usahihi usioutumia.

Lakini angalia alivyomalizia. Hakusema "sawa?" Alisema dhana, akasema dhana hiyo inaamua nini, kisha akaomba kitu cha kuivunja. Ukisema "sawa?" mhoji anaitikia kwa kichwa hata kama amesikia nusu. Ukimwambia "kwa sababu hii naweka hifadhidata moja," umemwonyesha bei ya kunyamaza kwake.

Na hapo ndipo hatari ya njia hii inapoonekana. Kijana wa Langoni, baada ya kuambiwa maswali yake yalikuwa ya bure, raundi iliyofuata alikuja na dhana tupu. Alitaja tisa mfululizo, na ya sita ilikuwa "nachukulia mtandao upo." Sikusema kitu. Alichora mfumo mzuri ambapo mkaguzi wa gatini anasoma msimbo kwenye simu ya abiria, simu yake inauliza seva, seva inajibu "halali" na kuiandika imetumika. Dakika ya 30 nikamuuliza: mtandao ukikatika gatini, watu sitini wamesimama juani, mkaguzi anafanya nini? Alifuta robo ya ubao.

Kimya cha mhoji si idhini. Wako wahoji wasiokusahihisha mapema kwa makusudi, kwa sababu wanataka kuona kosa utaligundua lini. Na dhana ina tabia mbaya kuliko swali: ukishaitamka mara moja inaanza kuonekana kama ukweli, hata kwako wewe uliyeitunga. Swali lisilojibiwa huwa linakukera mpaka ulirudie. Dhana isiyopingwa hulala.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Kuuliza wazi | Kutaja dhana |
|---|---|---|
| Muda kwa kila jambo | Nusu dakika hadi moja, na unategemea mhoji | Sekunde kumi hadi arubaini, unaumiliki wewe |
| Inapofaa | Mambo anayoyajua mwenye biashara peke yake | Mambo unayoweza kukadiria au kupendekeza |
| Inapokwama | Mhoji anakurudishia: "wewe unaonaje?" | Mhoji ananyamaza na kosa linapita |
| Mhoji anachokiona | Kama unajua nini hujui | Kama unaweza kuongoza kazi bila kushikwa mkono |
| Dalili umezidisha | Ubao una maneno, hauna uamuzi | Ubao una uamuzi ambao hakuna aliyeuomba |

Jedwali linasaidia kukumbuka, ila halichagui. Ninachokitumia kuchagua ni swali moja la ndani kabla ya kufungua mdomo: jibu hili ni la nani? Kama ni la mwenye biashara, kwa mfano nani anapanda, analipa lini, nini kikitokea ni hasara, ninauliza wazi. Kama ni la mhandisi, kwa mfano ukubwa, kasi, aina ya hifadhidata, ninataja dhana. Na kabla ya yote mawili kuna kichujio: majibu mawili tofauti yatanipa michoro miwili tofauti? Kama hapana, siulizi wala sitaji. Rangi ya tiketi, lugha ya programu, kama abiria ana picha kwenye akaunti yake, hayo yapite.

Yako mambo yanayokaa katikati, na hayo ndiyo yanayowachanganya watu. Ni yale ambayo mhandisi anajua njia zilizopo lakini mwenye biashara ndiye anayejua ipi inamuuma. Kwa hayo kuna namna ya tatu, ambayo kwa kweli ni mchanganyiko: unampa njia panda. Unataja njia mbili na gharama ya kila moja, yeye anachagua. Mtandao wa gatini ni mfano wake mzuri, na unastahili kufuatwa mpaka mwisho.

Njia panda ya mkaguzi asiye na mtandao

Binti wa Shela aliliuliza hivi: "Mkaguzi akiwa gatini, naweza kutegemea simu yake iko hewani kila wakati, au abiria wapande hata mtandao ukikatika? Ya kwanza ni rahisi na hakuna tiketi itakayotumika mara mbili. Ya pili boti haisimami, lakini tiketi moja inaweza kuonyeshwa kwa wakaguzi wawili kabla simu zao hazijazungumza na seva."

Nikamjibu: boti isisimame.

Jibu hilo linabadilisha tiketi yenyewe. Haiwezi tena kuwa namba tupu inayoulizwa kwa seva. Lazima ibebe maelezo yake ndani: namba ya tiketi, safari, tarehe, na saini ya kidijitali ambayo seva imeiweka kwa ufunguo wake wa siri. Simu ya mkaguzi inabeba ufunguo wa wazi tu, na huo unatosha kuhakiki saini bila mtandao. Mtu hawezi kutengeneza tiketi ya bandia. Anachoweza ni kuipiga picha ya halali na kumpa nduguye.

Hapo akauliza swali ambalo wahojiwa wengi hawalifikii: hasara ya tiketi moja kutumika mara mbili ni kubwa kiasi gani? Kwa Mokowe ni nauli ya kuvuka tu. Mwenye boti anaweza kuivumilia mara chache, na jioni simu zikirudi hewani zikapeleka kumbukumbu zao, zilizojirudia zinaonekana. Kwa Faza ni zaidi ya nauli, kwa sababu nafasi zina kikomo na mtu wa pili ataketi mahali pa mtu aliyelipa kihalali. Lakini kila safari ya Faza ina boti moja na mkaguzi mmoja. Basi orodha ya abiria inapakiwa kwenye simu yake kabla hajafika gatini, na msimbo ukisomwa mara ya pili simu yenyewe inakataa, bila kumuuliza mtu.

Tazama: jibu la kwanza kabisa, kwamba safari ziko za aina mbili, ndilo lililoyafanya haya yawezekane. Asiyelijua angelazimika kutafuta suluhisho moja zito la aina zote mbili, na angelikuta halipo. Mtu hawezi kuhakikisha tiketi haitumiki mara mbili kwa wakaguzi wawili waliokatika mtandao, hata akiwa na seva mia.

Njia panda ina mpaka wake. Inakula dakika nzima kila mara, kwa hiyo mbili zinatosha, tatu kwa shida. Na lazima gharama zitajwe pande zote mbili. Ukisema "tufanye kwa mtandao au bila mtandao?" bila gharama, umerudi kwenye kuuliza wazi kwa namna mbaya, na utajibiwa "wewe unaonaje?"

Malipo: mahali ambapo wengi hutaja dhana na wangepaswa kuuliza

"Nachukulia malipo ni ya M-Pesa na yanafanya kazi." Nimelisikia hili sana. Nusu ya kwanza ni dhana nzuri; ni nani Lamu atakuuliza kwa nini? Nusu ya pili inafukia tatizo.

Malipo ya M-Pesa kupitia programu hayarudi na jibu papo hapo. Mfumo wako unatuma ombi, abiria anaona kidirisha cha kuweka namba ya siri, naye anaweza kuiweka sasa hivi, au aende kununua maji kwanza, au aghairi. Matokeo yanakuja baadaye kwa mlango mwingine, Safaricom wakiita anwani uliyowapa. `ResultCode` ikiwa `0` amelipa, ikiwa `1032` ameghairi. Na wakati mwingine haiji kabisa, na ni wewe wa kuuliza.

Kwa Mokowe hilo si tatizo kubwa: tiketi haitolewi mpaka matokeo yaje. Kwa Faza kuna swali la biashara lililojificha: wakati abiria anatafuta namba yake ya siri, kile kiti ni cha nani? Ukikishika mpaka alipe, mtu mmoja anaweza kuzuia boti nzima bila kulipa. Usipokishika, atalipa akute kimekwenda, na sasa una deni la kurudisha pesa. Wa kuamua ni mwenye biashara, kwa hiyo ni njia panda: "Nakishika kwa dakika tatu kisha nakiachia. Akilipa baada ya hapo na nafasi imekwisha, narudisha pesa. Unakubali, au afadhali nisikishike kabisa?"

Akikubali, kazi ya kushika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa ukubwa ule tuliokadiria, mstari mmoja wa hifadhidata unaamua nani amepata:

```sql
UPDATE safari
SET nafasi = nafasi - 1
WHERE id = 4417 AND nafasi > 0;
```

Hifadhidata ikisema safu moja imebadilika, amepata. Ikisema sifuri, amekosa, na ombi la malipo halitumwi. Pembeni kuna jedwali la nafasi zilizoshikwa na saa ya kila moja kuisha, na kazi ndogo inayopita kila baada ya muda kurudisha zilizopitwa. Ni dhana ya namba, ile ya tiketi tatu na nusu kwa sekunde, inayokupa haki ya kuchagua kitu chepesi hivi na kukitetea. Bila hiyo utajikuta unaeleza foleni za ujumbe na kufuli za seva nyingi kwa ajili ya boti ya watu thelathini.

Uchague ipi kwa mhoji yupi

Mchanganyiko wangu, kwa swali la dakika 45, ni huu: swali moja au mawili ya wazi mwanzoni kabisa, njia panda moja au mbili, na dhana kwa vingine vyote zikitajwa kwa pamoja ndani ya dakika moja. Lakini mhoji naye ana lake, na inafaa kumsoma mapema.

Akijibu swali lako la kwanza la wazi kwa sentensi tatu zenye maelezo, ana biashara kichwani na anafurahia kuieleza. Muulize jingine. Akikurudishia "wewe unaonaje?", usimsukume mara ya pili, geuka hapohapo uende kwenye dhana, na wala usione umekosea. Amekuambia raundi hii ni ya kuona ukiongoza. Akijibu kila kitu kwa "ndiyo", hasikilizi au anakuachia kamba, na dawa ni njia panda, kwa sababu haijibiki kwa ndiyo.

Ngazi ya kazi pia ina neno. Kwa anayeanza, wahoji wengi huleta mipaka wenyewe wakiona umekwama, na wanachopima zaidi ni kama utachora kitu kinachofanya kazi. Kwa nafasi ya juu hawaileti. Hapo kuuliza wazi kupita kiasi kunakugharimu zaidi kuliko dhana isiyo sahihi, maana dhana angalau imeonyesha una maoni.

Kuna jambo moja ambalo halifai kuulizwa wala kukisiwa, bali kutangazwa: unachokiacha nje. "Siingii kwenye kugawa mapato kwa wenye boti, wala kwenye kukadiria maji, saa ya kuondoka nahodha ataiandika mwenyewe." Sentensi moja. Chunga tu usiache nje kile kigumu ambacho swali limeletwa kwa ajili yake. Ukiacha malipo nje, mhoji atayarudisha ndani, na atakumbuka kwamba ulijaribu.

Kinachobaki ubaoni

Dakika ya saba ikifika, kona ya ubao iwe na mistari michache tu, na kila mmoja uwe na alama ya ulikotoka: B kwa aliyosema mwenye biashara, D kwa dhana yako. Ubao wa binti wa Shela ulikuwa hivi:

- Mokowe: boti yoyote, haina saa (B)
- Faza, Kizingitini: safari maalumu, saa hupangwa kila siku (B)
- Tiketi 3.5 kwa sekunde siku ya kilele, hifadhidata moja (D)
- Kupanda bila mtandao ruhusa; marudio ya Mokowe yanavumilika (B)
- Kiti kushikwa dakika tatu (B)

Faida ya herufi hizo haionekani mpaka mhoji abadilishe swali katikati, na mara nyingi hubadilisha. Dakika ya 28 nilimwambia: "Sasa tunatakiwa tuwe na orodha ya majina ya kila boti kabla haijaondoka, hata za Mokowe." Hakufuta ubao. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza akasema, "Hii ilitoka kwako na umeibadilisha, kwa hiyo ni huu tu unaoguswa." Kisha akafikiri kwa sauti: abiria wa Mokowe bado hajui atapanda boti gani wakati wa kununua, basi tiketi isifungwe kwenye boti wakati wa malipo. Ifungwe wakati wa kukaguliwa. Mkaguzi anachagua boti iliyo mbele kwenye simu yake, kila msimbo anaousoma unaandikwa chini ya boti hiyo, na orodha inakamilika boti inapojaa. Jina la abiria linaongezwa ndani ya tiketi iliyosainiwa, ili orodha iwepo hata mtandao ukikosekana. Ununuzi uliongezewa kuuliza jina tu. Hifadhidata iliongezewa safuwima mbili.